Afya ya jamaa: Homa ya mtoto SS haingoji asubuhi



Hapa Kisangani kila mtu anajua homa, na kila homa inaitwa malaria. Tunanunua dawa ya malaria na paracetamoli, mtoto analala, asubuhi tunaangalia. Kwa mtoto mwenye anemi SS desturi hiyo inaweza kuua usiku mmoja.

Ugonjwa huu hauko mbali nasi. Mwaka 2010 waganga wa Kisangani walitoa matokeo ya kupima watoto wachanga 520 wa mji wetu. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa AS, yaani mzima lakini anabeba mbegu, na watano walikuwa SS.

Shida inaanzia kwenye bandama, iliyo chini ya mbavu za kushoto. Bandama ni kama kichungi cha damu. Vijidudu fulani vimevaa koti laini, na askari wa mwili wanateleza juu yake. Bandama ndiyo inayovikamata. Cha hatari zaidi kinaitwa pneumokoki. Katika mtoto SS, chembe za damu zilizopindika kama mundu zinaziba mishipa midogo ya bandama, na mara nyingi kazi yake inaharibika kabla hajafika miaka mitano. Tena msidanganyike: bandama iliyovimba, hata unayoishika kwa mkono, inaweza kuwa haifanyi kazi. Na kijana aliyeangukiwa na udongo kwenye karieri, bandama ikapasuka, waganga wakaiondoa, yuko katika hatari ileile kwa maisha yake yote.

Kule Kilifi, Kenya, waganga walitangaza mwaka 2009 vijidudu walivyokuta katika damu ya watoto SS. Mara 4 hivi kati ya 10 ilikuwa pneumokoki.

Kinga ya kwanza ni chanjo. Chanjo ya pneumokoki iliingia katika ratiba ya watoto wa Kongo mwaka 2011, na inatolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ile ya vijidudu vitano inamkinga na Hemofilus B. Usikose hata moja. Akipita miaka miwili, umuulize munganga juu ya chanjo nyingine ya pneumokoki na ile ya meningokoki. Mtu ambaye bandama yake itaondolewa kwa mpango achanjwe angalau wiki mbili kabla ya upasuaji. Kama iliondolewa kwa haraka, achanjwe wiki mbili baadaye.

Kinga ya pili ni penisilini V ya kumeza, asubuhi na jioni: miligramu 125 kila mara kabla ya miaka mitatu, kisha 250 mpaka angalau miaka mitano. Majaribio ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 1986 yalionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza maambukizi makali ya pneumokoki kwa 84 kwa mia. Basi ni dawa ya kila siku, hata mtoto akicheza vizuri.

Lakini chanjo na penisilini hazizuii yote. Ndiyo maana kuna mpango wa homa. Tuseme binti SS wa miaka mitatu, kilo 12, anakaa na mama yake Makiso, baba yuko karieri. Saa mbili usiku anatetemeka, termometri inaonyesha 38.7. Kipimo cha malaria cha jirani kinasema ndiyo. Hapo wengi wanatulia, na hapo ndipo kosa linapoingia: malaria na pneumokoki zinaweza kukaa pamoja katika damu moja. Mama anaenda naye hospitali usiku huohuo, akimwambia mwuguzi mlangoni: «Mtoto wangu ni SS, ana homa.» Wanachukua damu ya kupima, halafu wanampiga sindano ya seftriakisoni bila kungoja majibu. Kwa miligramu 75 kwa kilo, kilo 12 ni miligramu 900. Malaria nayo inatibiwa. Mtoto anabaki chini ya macho ya waganga.

Je, mnakaa karieri, na moto ya kwenda mjini ni saa nyingi? Mwombe munganga mapema amoksisilini ya kuweka nyumbani, na kiasi kiandikwe kwenye fishi ya mtoto kulingana na kilo zake. Homa ikifika 38.5, mpe kipimo cha kwanza, halafu safari ianze. Dawa hiyo inasaidia njiani tu, haiondoi safari. Kama penisilini ilishamdhuru, hata mara moja, mwambie munganga, aandike nyingine.

Paracetamoli ikishusha homa, usirudi njiani. Homa imefichwa, kijidudu hakijafa. Na mtoto akilegea, akitapika au mikono ikipoa, usihesabu hata dakika: hata bila homa, mpeleke.

Andika SS kwa herufi kubwa juu ya fishi yake. Bibi, kaka, mwalimu, wote wajue maana yake, kwa sababu siku homa itakapokuja huenda mama yuko sokoni.