Aliyejibu matatu, mhesabieni mawili bora

SAFU: KALAMU NYEKUNDU
Na Masunga Nkwabi

Walimu wa wilaya zetu wakikaa pamoja kusahihisha moko, ubishi mmoja haukosekani: mtahiniwa aliyeambiwa ajibu maswali mawili akajibu matatu, tumfanyeje? Mmoja atasema tusahihishe mawili ya mwanzo, la tatu tulipige mstari. Mwingine atataka akatwe alama kwa ukaidi. Wa tatu, mwenye huruma, atajumlisha yote.

Tuchukue karatasi ya Historia ya kidato cha nne. Sehemu A ina alama 16, B ina 54, na zote mbili hazina uchaguzi. Sehemu C ina maswali matatu ya insha, la 9, la 10 na la 11. Mtahiniwa anachagua mawili, kila moja alama 15. Tuseme binti mmoja wa Bariadi amepata 27 katika A na B, kisha akaandika insha zote tatu: la 9 amepata 4, la 10 amepata 11, la 11 amepata 9.

Ukihesabu mawili ya mwanzo, anafikisha 42, ambayo ni D. Ukihesabu mawili yaliyo bora, anafikisha 47, na C inaanzia 45. Daraja lake linategemea insha ipi aliianza, jambo lisilohusiana kabisa na Historia anayoijua. Ukijumlisha yote matatu anapata 51, na hapo umemwibia jirani yake aliyetii na kuandika mawili tu.

Mimi nasimama na mawili bora. Wanaosema hiyo ni kumzawadia mkaidi wanasahau saa. Mtihani ni wa saa tatu, na dakika alizotumia kwenye insha ya tatu amezitoa kwenye zile mbili. Adhabu alishajitoza mwenyewe. Bodi ya OCR ya Uingereza huwaagiza wasahihishaji wake hivyohivyo, na CBSE ya India pia huagiza jibu lenye alama nyingi libaki na lililozidi lifutwe.

Kanuni hiyo isivushwe hadi kwenye maswali ya kuchagua herufi. Aliyeandika B na D kwenye kipengele kimoja apate sifuri, kwa kuwa pale herufi ya pili haimgharimu kitu, ni kubahatisha tu.

Aliyejibu insha moja badala ya mbili ni rahisi zaidi. Akipata 13 kwa hiyo moja, andika 13 na usonge mbele. Nimewahi kusikia hoja kwamba izidishwe mara mbili kwa kuwa "anaonekana anajua". Huyo angekuwa na 26 za insha aliyoandika na insha asiyoandika! Vilevile usimkate zaidi kwa kutofuata maelekezo, maana zile 15 ameshazipoteza.

Pagumu ni pale penye swali la lazima. Karatasi inasema la 9 ni la lazima, kisha chagua moja kati ya 10 na 11, naye kaliacha la 9 akajibu 10 na 11. Kwa alama zetu, apewe 11 za swali la 10, na nafasi ya la 9 ibaki sifuri. Swali huwekwa lazima ili kila mtahiniwa apimwe jambo hilo. Kwa hiyo mawili bora maana yake ni bora ndani ya kile ambacho maelekezo yanaruhusu. Ila kwanza soma jibu lenyewe, kwa sababu wapo wanaoandika "10" juu ya insha ambayo waziwazi inajibu la 9.

Haya yote hayafai kuachiwa dhamiri ya mtu mmoja. Tunapogawana maswali, mwenye la 9 anasahihisha la 9 tu kisha anasukuma kijitabu kwa mwenzake. Hajui, wala hana haja ya kujua, kwamba mtahiniwa kajibu matatu. Basi kila mmoja asahihishe anachokikuta, na anayejumlisha kwenye jalada ndiye achague. Kanuni yake iwe kwenye mwongozo wa usahihishaji kabla bahasha ya kwanza haijafunguliwa, isije Meatu wakakata na Busega wakajumlisha.

Na kabla ya kumlaumu mtoto, tukague karatasi yetu. Maelekezo ya Historia hiyo yameandikwa kwa Kiingereza, na msomaji wake nyumbani anaongea Kisukuma, sokoni Kiswahili. Tena kuna watunzi wanaonakili jalada la mwaka jana: juu linasema jibu matatu, kichwa cha Sehemu C kinasema mawili. Akitokea aliyefuata jalada akajibu matatu, hakuna ukaidi wa kuadhibu. Mhesabieni mawili bora, kisha mwiteni mtunzi.