Si Kila Ujumbe Hupigwa Msasa

Tangu shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, sehemu kubwa ya kazi ya mwalimu wa Kenya imehamia kwenye kikundi cha wasapu. Hapo ndipo zamu zinapobadilishwa, vipindi vinaposhikiwa, na chaki au funguo za maabara zinapoulizwa. Shule zilipofunguliwa, kikundi kilibaki. Hata hivyo, hatukuwahi kukaa chini tukaulizana ni lugha gani hasa inayofaa mahali hapo. Kila mmoja aliingia na lugha aliyokuwa nayo mfukoni.

Hivi majuzi nilikwenda kukagua mazoezi ya ufundishaji katika shule moja ya upili karibu na Nakuru. Wakati wa chai, mmoja wa walimu wa idara ya lugha, niliyepata kumfundisha chuoni, alinionyesha mazungumzo yaliyokuwa yamewatia walimu sita katika kutoelewana kwa muda wa wiki tatu. Kwa ruhusa yao nayaeleza hapa, kwa kuwa yanafundisha zaidi ya mihadhara yangu mingi.

Mwalimu wa fasihi alikuwa akitoka Naivasha asubuhi ya Jumatatu. Matatu ikaharibika. Akaandika kikundini: “Wadau nimekwama Gilgil, gari imeharibika. Nani anishikie 3B saa tatu?”

Mkuu wa idara, kijana mwenye bidii aliyeteuliwa muhula huo, akajibu hivi: “Habari za asubuhi, Mwalimu. Nimepokea ujumbe wako na nimeuelewa ipasavyo. Ninasikitika kukufahamisha kwamba sitaweza kukidhi ombi lako kutokana na majukumu mengine niliyo nayo wakati huo. Ninakutakia safari njema.”

Kisarufi, jibu hilo halina kasoro hata moja. Upatanisho wa ngeli ni timilifu, na alama za uakifishaji zimekaa mahali pake. Lakini mwalimu wa fasihi, akiwa amesimama kando ya barabara katika vumbi la Gilgil, aliusoma ujumbe ule mara mbili, akauliza kwa simu: “Huyu bwana ana nini na mimi? Anatafuta ushahidi?” Mkuu wa idara aliponieleza upande wake, alistaajabu. Alidhani ameonyesha heshima.

Ni nini kilichoharibika hapo? Mtaalamu wa isimu Mmarekani, Martin Joos, aliyegawa mitindo ya Kiingereza katika ngazi tano mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliona jambo moja ambalo walimu wa isimujamii wangefaa kulifundisha kwa nguvu zaidi. Tofauti kati ya mtindo wa kushauriana na watu tusiowajua sana na mtindo wa kawaida wa marafiki haihusu adabu tu. Inahusu habari. Tunapozungumza na mgeni, tunampa maelezo ya msingi asije akapotea. Tunapozungumza na mwenzetu, tunayaacha, kwa kuwa tunachukulia kwamba anayo tayari. Maneno yaliyokatwa na misimu ya kikundi ni alama kwamba msikilizaji ni wa ndani.

Maadam ni hivyo, kumpa mtu wa ndani maelezo ambayo hahitaji ni kumwambia, bila kutamka, kwamba amekuwa mgeni. “Nimepokea ujumbe wako” ni kauli ya maana sana katika barua, ambapo mwandishi hajui kama barua yake ilifika. Kikundini, ambapo alama mbili za buluu zimekwisha kusema hivyo, kauli hiyo haina habari yoyote. Msomaji basi huitafutia maana nyingine, na maana iliyo karibu zaidi ni umbali. Ni kama mama anayemwita mwanawe kwa majina yake yote matatu. Kabla mtoto hajajua kosa lake, anajua kwamba lipo.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya ubaridi. Tazama tena jibu lile, uone lilivyoficha mambo. “Majukumu mengine” ni yapi? Mkuu wa idara alikuwa na kipindi cha 4A saa ileile, sababu ambayo kila mwalimu angeielewa na kuikubali mara moja. Neno “pole” halimo kabisa. Wala hakumwelekeza mwenzake kwa mwalimu mwingine aliyekuwa na nafasi, ingawa ratiba ilikuwa ukutani mbele yake. Lugha iliyopigwa msasa kupita kiasi hupenda maneno mapana, na maneno mapana humeza mambo mahususi. Angeliandika, “Pole sana ndugu yangu. Saa tatu niko na 4A. Mpigie mwalimu wa Kifaransa, nadhani yuko huru,” angelitumia nusu ya maneno na kutoa mara tatu ya habari.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya hisia tu. Mnamo 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, waliwapa wanafunzi 126 mazungumzo mafupi ya simu wayasome. Jibu la neno moja lililomalizika kwa nukta lilionekana kuwa na unyofu mdogo kuliko lilelile lisilo na nukta. Majibu hayohayo yalipoandikwa kwa mkono kwenye karatasi, tofauti hiyo haikuonekana. Utafiti huo ulihusu Kiingereza, na singependa tuuhamishe kwetu kikasha kwa kikasha. Hata hivyo, sidhani kuna mwalimu hapa nchini asiyehisi kwamba “Sawa sawa” na “Sawa.” si majibu mamoja, au kwamba “Haya” ikisimama peke yake yaweza kuwa ukubali wa mtu aliyekunja uso.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna tatizo letu la ziada. Tumefundishwa kwamba sanifu ndiyo lugha safi, na kila kinyume chake ni uchafu wa kufutwa kwa kalamu nyekundu. Ndiyo maana, katika kikundi kilekile, mwalimu mmoja alikuwa na mazoea ya kuwasahihisha wenzake hadharani. “Gari limeharibika,” angeandika, bila neno la pole. Ni kweli kwamba gari ni ngeli ya li-ya. Ni kweli pia kwamba mamilioni ya Wakenya wazungumzapo husema “gari imeharibika,” na kwamba hakuna aliyewahi kukosa kuelewa. Darasani, sahihisha. Katika insha, kata alama. Mtu aliyekwama Gilgil hakuleta insha.

Madhara yalionekana polepole. Kwanza utani ulikoma kikundini. Kisha maswali madogo yakapungua, kwa sababu hakuna anayetaka kutunga aya nzima ili aulize kama chaki imefika. Walimu wakaanza kupigiana simu kwa mambo ya sentensi moja. Mwishowe kikazaliwa kikundi cha pili, cha watu watano, kisicho na mkuu wa idara. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ikifanyika kwa kweli, naye akabaki akitangaza kwa ufasaha katika ukumbi mtupu. Mkuu yeyote anayeona wenziwe wanamjibu “Nimepokea” na hawasemi jambo jingine, na achunguze kama hajafika huko.

Je, tuandike vyovyote tupendavyo? La hasha. Mwalimu wa fasihi mwenyewe alikuwa na deni la ujumbe wa pili, ambao hakuuandika. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inataja kutokuwepo kazini bila ruhusa au sababu halali miongoni mwa mambo yanayoweza kumfanya mtu aachishwe kazi mara moja. Ujumbe wa “Wadau nimekwama” ulikwenda kwa wenzake, si kwa mwenye mamlaka ya kutoa ruhusa. Mwalimu mkuu alistahili kuandikiwa kitu kama hiki: “Mwalimu Mkuu, gari nililopanda kutoka Naivasha limeharibika Gilgil leo Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Sitawahi kipindi cha 3B cha saa tatu. Mwalimu wa Kifaransa amekubali kunishikia. Natarajia kufika kabla ya saa tano.” Hapa “limeharibika” lina mahali pake, na kila neno lina kazi, kwa kuwa ujumbe huo waweza kusomwa mwezi ujao na mtu ambaye siku hiyo hakuwepo.

Kwa maoni yangu, hicho ndicho kigezo. Ikiwa ujumbe utasomwa na mtu wa nje ya kikundi, au utahitajika baada ya siku ya leo, au utategemewa katika jambo la fedha, ruhusa au tuhuma, uandikwe kwa urasmi na upelekwe mahali pake. Jina la mwanafunzi mgonjwa na alama zake pia havina haki ya kuelea kikundini. Yaliyosalia, ambayo kwa hesabu ni mengi zaidi, yaachwe yalivyotoka mdomoni.

Kigezo hicho kina mipaka yake. Rambirambi, mathalani, hazifuati kanuni hii barabara. Fomula zetu za kale za pole ni rasmi tangu zamani na hazina ubaridi wowote, kwani msiba wenyewe unazidai. Mzaha wa mkubwa kwa mdogo nao si wa kuaminika: mkuu akimwandikia mwalimu wa mazoezi “Wewe, alama ziko wapi?” anaona ameonyesha udugu, kumbe mwenziwe hawezi kumrudishia kwa lugha ileile, na lugha isiyorudishika ni amri. Tena ukawaida si mmoja nchini. Mwalimu aliyelelewa Lamu huweza kuona kuanza na haja bila salamu ni utovu wa adabu hata baina ya marafiki, ilhali mwenziwe wa Nairobi huona salamu ndefu ni kuzunguka mbuyu. Kikundi chenye watu wa namna zote mbili hakina budi kuzoeana, na kuzoeana huchukua muda.

Nilimweleza mkuu wa idara mambo haya tukiwa chini ya mti nje ya chumba cha walimu. Alinisikiliza kwa adabu nyingi, akaniambia atayatafakari. Nilirudi chuoni bila matumaini makubwa. Wiki mbili baadaye mwanafunzi wangu wa zamani akanipelekea nakala ya ujumbe ambao mkuu wake aliuandika saa kumi na mbili asubuhi: “Jamani nimesahau ufunguo wa kabati ya vitabu nyumbani, nani yuko karibu?” Majibu manne yaliingia kabla ya dakika tano kwisha. La kwanza lilisema ufunguo wa akiba uko kwa mlinzi. La pili lilisema: “Kabati LA vitabu, Mwalimu.”