Kijiti cha Botswana: kwa nini mukimbiaji mwenye mbio zaidi hawekwi mwisho siku zote

Tarehe 21 Septemba 2025, chini ya mvua ya Tokio, Botswana ilikuwa inchi ya kwanza ya Afrika kushinda mbio za kupokezana kijiti za wanaume, mara nne metre 400, kwenye mashindano ya dunia. Ilimaliza kwa dakika 2 na segonde 57,76. Amerika na Afrika Kusini zilifuata, zote mbili kwa 2:57,83. Kati ya wa kwanza na wa tatu kulikuwa segonde 0,07 tu, ni kusema pungufu ya metre moja.

Watu wengi walizungumuzia mbio za mwisho za Busang Collen Kebinatshipi. Lakini jambo lenye kufaa kuangaliwa lilipangwa mbele kijiti hakijaguswa: ni nani akimbie nafasi gani. Kwa kocha wa ekipe ya shule, akuwe Kasongo, Kabambare ao Wamaza, hesabu hiyo ni ileile, hata kama uwanja wake ni wa udongo.

Mwaka mumoja mbele, tarehe 10 Agosti 2024 kwenye michezo ya Olimpiki ya Paris, Botswana ilipanga Bayapo Ndori, Kebinatshipi, Anthony Pesela, na mwisho Letsile Tebogo, mwenye alikuwa ametoka kushinda metre 200. Tebogo alikimbia muzunguko wake kwa segonde 43,03. Rai Benjamin wa Amerika, mwenye alikuwa mbele yake, alikimbia kwa 43,18. Tebogo alikuwa mwepesi kumupita, na bado Amerika ilishinda kwa segonde 0,10. Hesabu ni rahisi: alipokea kijiti akiwa nyuma karibu robo ya segonde, akarudisha 0,15, na 0,10 zikabaki.

Tokio, Botswana ilipanga Lee Eppie wa kwanza, Tebogo wa pili, Ndori wa tatu, na Kebinatshipi wa mwisho. Kwa hiyo Tebogo na Kebinatshipi walibadilishana nafasi. Kulikuwa sababu ya wazi: siku chache mbele, Kebinatshipi alikuwa ameshinda metre 400 kwa segonde 43,53, na Ndori alikuwa amepata medali ya shaba. Lakini kumuweka Tebogo wa pili si kumushusha. Kwenye mbio hizi, nafasi ya pili ndiyo yenye fujo kuliko zote.

Mukimbiaji wa kwanza anabaki ndani ya njia yake muzunguko wote. Hakuna mwenye anaweza kumuzuia. Wa pili anaanza pia ndani ya njia yake, anapita kona ya kwanza, na kisha metre kama 100 anafika kwenye mustari wenye unaruhusu wote kuingia njia ya ndani. Wakimbiaji nane wanatafuta nafasi moja kwa wakati mumoja. Mwenye kufika mbele anachukua ukingo wa ndani. Mwenye kuchelewa anafungiwa nyuma ya migongo, ao anazunguka kwa inje.

Kuzunguka kwa inje kuna bei yenye kuhesabika. Njia moja ina upana wa metre 1,22. Ukikimbia kona nzima njia moja kwa inje, unaongeza karibu metre 3,8. Kwa mutu mwenye kwenda metre 9 kila segonde, hizo ni karibu segonde 0,4. Tokio, medali tatu zote zilitoshana ndani ya segonde 0,07. Kona moja mbaya ingetosha kuondoa Botswana kwenye zahabu.

Tena kuna jambo la pili lenye watazamaji hawaone. Wakimbiaji wa tatu na wa nne, wakingojea kijiti, hawajichagulie mahali pa kusimama. Wanapangwa kulingana na namna ekipe zao zinafuatana wakati wenzao wako kwenye metre 200 za muzunguko wao. Mwenye ekipe yake iko mbele anasimama ndani. Mwenye iko nyuma anasukumwa inje. Ekipe yenye ilipoteza nafasi kwa mukimbiaji wa pili inalipa mara moja tena wakati wa kupokezana.

Hata hivyo, haifae kusema kwamba mupango peke yake ndio ulileta zahabu. Amerika ilikuwa imekimbia mbio zingine asubuhi ya siku ileile juu ya Kenya, kwa sababu ekipe hizo mbili zilizuiliwa kwenye duru ya kwanza na nafasi ilibaki moja tu. Mvua nayo ilikuwa ya wote. Mupango unaweza kutoa sehemu za segonde. Siku hiyo sehemu za segonde ndizo zilihitajiwa.

Sasa kuhusu nafasi ya mwisho. Mbio tu hazitoshi hapo, na somo la hilo lilitolewa Munich tarehe 10 Septemba 1972. Amerika haikushiriki: Vincent Matthews na Wayne Collett walikuwa wamefukuzwa kwa sababu ya namna walisimama kwenye jukwaa la medali, na John Smith alikuwa ameumia. Ujerumani Magharibi, mbele ya watu wake, ilimupatia kijiti Karl Honz akiwa wa kwanza. Alikuwa kati ya watu wenye mbio zaidi katika Ulaya mwaka huo. Honz aliondoka kwa nguvu zote. Kwenye sehemu ya mwisho miguu ikakaza. Julius Sang wa Kenya akamupita, kisha Mwingereza, kisha Mufaransa. Ujerumani Magharibi ikamaliza ya ine, bila medali.

Kenya ilishinda kwa 2:59,83. Ilipanga Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Sang. Angalia nafasi ya tatu: Ouko alikuwa mutu wa metre 800, na kwenye michezo hiyohiyo alikuwa wa tano katika mbio hizo. Hakuwa na mbio za Sang, lakini mutu wa metre 800 anajua kukimbia katikati ya wengine na hachoke haraka. Asati, mwenye alikuwa wa ine katika metre 400, alifungua mbio. Sang, mwenye medali ya shaba, alifunga. Hakuondoka kama Honz. Alifuata, akangoja, akapita wakati mwenzake alianza kukaza.

Tuseme sasa kocha wa shule moja pande za Wamaza ana vijana wane. Saa zao za metre 400 ni segonde 52, 52,5, 54 na 55. Jumla ni 213,5, ni kusema dakika 3 na segonde 33,5. Jumla hiyo haibadilike, hata awapange namna gani. Tuseme wapinzani wako sawasawa, kila mumoja 53,4. Jumla yao 213,6. Kwenye karatasi, shule yetu inashinda kwa 0,1.

Mupango wenye wengi wanapenda ni kuweka wazaifu mbele na wenye mbio nyuma: 55, 54, 52,5, 52. Kisha wawili wa kwanza, ekipe iko nyuma segonde 2,2, karibu metre 16. Wa tatu anarudisha kidogo, lakini wa mwisho anapokea bado nyuma segonde 1,3, karibu metre 10. Kijana huyo anaona mugongo mbali na anakimbiza kwa nguvu zote tangu hatua ya kwanza. Ni mutego wa Honz.

Kocha apime wale wawili wa kwanza vizuri zaidi: metre 200 za kwanza na 200 za pili, kila moja na saa yake. Tuseme wa 52 anakimbia 24,5 kisha 27,5. Anapoteza segonde 3. Wa 52,5 anakimbia 25,5 kisha 27. Anapoteza 1,5 tu. Wa kwanza ana mbio zaidi, wa pili ni imara zaidi. Kipimo kirudiliwe siku mbili ao tatu, maana siku moja inaweza kudanganya.

Kwa hiyo mupango wenye kufaa ni 54, 52, 55, 52,5. Kisha wa kwanza, ekipe iko nyuma 0,6. Yule wa 52 anageuza hilo kuwa 0,8 mbele, na anafika kwenye mustari wa kuingia ndani akiwa na mbio zake zote, mahali penye zinahitajika. Muzaifu anapokea akiwa mbele, anakimbia ukingoni, na anayetaka kumupita kwenye kona ndiye analipa zile metre 3,8. Kama anapitwa, wa mwisho anapokea nyuma 0,8, karibu metre 6. Yeye ni imara: hapaparike. Anakaribia polepole, anangoja kona iishe, anapita kwenye sehemu iliyonyooka. Kama anajaribu kupita kwenye kona nzima, anapoteza karibu nusu segonde, na ile 0,1 ya karatasini imeisha.

Kuna mpaka mumoja mukubwa. Mupango huu unategemea njia zilizochorwa. Kwenye viwanja vingi vya Maniema hakuna njia. Wanaweka vibendera ine na wote wanakimbilia ndani tangu filimbi. Hapo fujo ya mukimbiaji wa pili inahamia kwa wa kwanza. Kocha aulize mbele ya kuandika majina: wanaingia ndani wapi? Kama ni mara moja, mwenye mbio zaidi aanze, na yule wa 54 akimbie wa pili. Imara abaki mwisho.

Na asilinganishe saa ovyo. Wa kwanza anaanza akiwa amesimama. Wengine wanapokea wakiwa wanatembea mbio tayari, na hiyo peke yake inaweza kupunguza karibu nusu segonde. Kijana mwenye saa nzuri kwenye nafasi ya tatu si lazima amupite mwenye alifungua mbio. Wapimwe wote kwa namna moja, kisha majina yaandikwe.