Jioni yako haijapotea, haikuwepo (Sehemu ya 4)

Mama unayesoma huku unafanya kazi nusu siku, acha kujiita mvivu. Ratiba ndiyo inakudanganya. Umeandika "kusoma, saa 12 hadi saa 4 usiku". Hebu tuhesabu pamoja.

Unatoka kazini saa 11 jioni, daladala inakufikisha nyumbani saa 12. Kupika, kuogesha mtoto, kumlisha na kumlaza, tayari saa 2 na nusu. Ukitaka kuamka saa 10 na nusu alfajiri ukiwa umelala masaa 7, lazima uwe umelala saa 3 na nusu. Imebaki saa moja tu, jamani!

Hiyo moja ipe kazi nyepesi, kama kupitia notisi za leo. Somo gumu lihamishie alfajiri, saa 11 hadi 12, mtoto akiwa bado amelala.

Na Jumamosi acha masaa mawili matupu. Mtoto akipata homa Jumanne, kipindi ulichokosa kinahamia pale, hakili usingizi wako. Jumamosi mbili mfululizo zisipotosha, umechukua masomo mengi. Punguza somo moja muhula ujao, usingizi usiuguse.