Hatifungani ya 15.49% inaweza kukulipa kidogo kuliko ya 12.10%

Ukitaka kununua hatifungani ya serikali kwa mtu anayeuza, namba ya kwanza utakayoambiwa ni riba ya kuponi. "Hii ni ya 15.49%, bosi." Inavutia, lakini siyo utakachopata mfukoni.

Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilishusha kuponi ya hatifungani mpya za miaka 20 kutoka 15.49% hadi 12.10%. Za zamani hazikuguswa. Mwenye nayo analipwa 15.49% mpaka iive. Ndiyo maana wenye nazo hawaziuzi kwa bei ya kawaida, wanataka nyongeza.

Tuseme hatifungani ya shilingi milioni 10, kuponi 15.49%, imebakiza miaka 18, inauzwa milioni 12. Kila mwaka utalipwa 1,549,000, kwa awamu mbili. Kuponi inahesabiwa kwenye ile milioni 10 iliyoandikwa, siyo kwenye milioni 12 uliyotoa. Kwa hela yako, hiyo ni kama 12.9%.

Bado hujamaliza. Siku ikiiva serikali inakurudishia milioni 10 tu. Milioni 2 za juu zimekwenda kwa aliyekuuzia. Ukiingiza hasara hiyo, mapato yako halisi hadi kuiva yanashuka mpaka karibu 12.65% kwa mwaka.

Sasa chukua ya 12.10%, nayo ya milioni 10 na miaka 18, ila muuzaji ana haraka anaiachia kwa milioni 9. Unalipwa 1,210,000 kwa mwaka, sawa na 13.4% ya hela uliyotoa. Ikiiva unapokea milioni 10, yaani faida ya milioni 1 juu. Mapato halisi: karibu 13.6%. Kumbe yenye kuponi ndogo ndiyo inayolipa zaidi!

Kanuni ni hii: ukinunua juu ya thamani iliyoandikwa, mapato halisi yanakuwa chini ya kuponi. Ukinunua chini yake, yanakuwa juu. Ukinunua kwa thamani ileile, vinalingana.

Unaweza kupiga hesabu mwenyewe kwenye simu, kwa programu ya majedwali kama Excel. Kwa ile ya kwanza andika:

```
=RATE(36,774500,-12000000,10000000)*2
```

36 ni idadi ya malipo yaliyobaki, 774500 ni kuponi ya miezi sita, halafu bei uliyolipa na kiasi utakachorudishiwa.

Angalizo: hesabu hii inachukulia kwamba utakaa nayo mpaka iive, na kila kuponi utaiwekeza tena kwa kiwango hichohicho. Ukila kuponi zote, au ukauza katikati bei ikiwa imeshuka, utapata pungufu. Kamisheni ya dalali nayo haimo, iongeze kwenye bei.

Kwa hiyo ukiambiwa "ni ya 15.49%", uliza: kwa bei gani, na imebakiza miaka mingapi?