HESABU ZA DUKA: Barua kwa mwenye duka la vitenge

Barua hii niliiandika kwa mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo ambaye nimekuwa nikimfungia hesabu za mwaka. Ameridhia niichapishe katika safu hii bila kutaja jina lake, kwani jambo lililomtatiza huwatatiza wengi wanaoshirikiana biashara na ndugu zao.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Alhaji, ndugu yangu,

Nimepokea ujumbe wako, na nimehisi uchungu uliomo. Unauliza kwa nini risiti ya fundi ya shilingi 9,600,000, uliyonikabidhi ikiwa imeandikwa "matengenezo ya duka", haikuonekana yote katika gharama za mwaka huu. Sehemu yake kubwa umeikuta imehamia upande wa mali, pamoja na mizani na kabati. Umesema kwamba fedha zimekwishatoka, na kwamba kwa kuihamisha risiti nimeikuza faida ambayo huioni katika droo ya duka. Naomba unisikilize hadi mwisho, kwani risiti hii inagusa haki ya mtu mwingine.

Kwanza nikueleze nilivyoisoma. Neno lililoandikwa katika risiti ni neno la fundi, nalo halitoshi kutoa hukumu. Nilikuja dukani kwako, mtaa wa Kongo, nikamuomba fundi anionyeshe kwa kidole kila alichokifanya. Nikaona kazi za aina mbili. Ya kwanza ni kuziba ukuta ulioingia maji, kuupaka rangi, kubadilisha vigae vilivyopasuka na kuweka springi mpya katika mlango wa chuma. Vifaa vya kazi hiyo viligharimu shilingi 2,000,000. Ya pili ni ile stoo ya juu: jukwaa la vyuma lililofungwa kwa bolti nyuma ya duka, pamoja na ngazi yake, ambako sasa mnapanga marobota ya vitenge. Vifaa vyake viligharimu shilingi 6,000,000. Shilingi 1,600,000 zilizobaki ni ujira na usafiri wa kazi zote mbili.

Swali ninalojiuliza katika mambo haya ni moja: je, fedha hizi zimekirudisha kitu katika hali yake ya zamani, au zimeliletea duka kitu ambacho halikuwa nacho? Ukuta ulikuwapo, ukaharibika, ukarudi kuwa ukuta. Mlango ulikuwa ukifunguka, ukagoma, sasa unafunguka tena. Hayo ni matengenezo, na ni gharama ya mwaka huu. Stoo ya juu haikuwapo kabisa. Ushahidi mkubwa kuliko wote umo katika daftari lako mwenyewe: mwaka jana mlikuwa mkilipa kodi ya stoo mtaa wa Sikukuu, na tangu jukwaa lisimame hamlipi tena. Kitu kilichokuondolea kodi ya kila mwezi, na kitakachoendelea kukuondolea kwa miaka ijayo, hakiwezi kuitwa kiraka.

Kila mtu wa Kariakoo ameiona tofauti hii kwa macho yake. Soko kuu lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, zilifuata kazi mbili katika mradi mmoja: kulikarabati jengo la zamani, na kujenga jengo jipya la ghorofa kando yake. Mpita njia hahitaji kuambiwa kwamba jengo jipya si ukarabati wa lile la zamani, hata kama mafundi walikuwa wale wale. Risiti yako ina kazi mbili vivyo hivyo, ila zimeandikwa kwa neno moja.

Angalia pia kwamba sikutazama ukubwa wa fedha, wala sikutazama muda peke yake. Rangi ya ukutani huenda ikadumu miaka mitatu, lakini bado ni matengenezo, kwa kuwa ukuta umebaki ukuta ule ule. Lau ningekuwa natafuta kuikuza faida kama unavyodhani, ningeuhamisha na ukuta. Huo nao ungekuwa uongo, na ndio wanaoufanya baadhi ya watu wanapotaka kuipamba biashara mbele ya benki au mnunuzi.

Ujira na usafiri niliugawa. Fundi hakuweka kumbukumbu ya siku alizotumia katika kila kazi, kwa hiyo nikafuata thamani ya vifaa: robo kwa matengenezo na robo tatu kwa stoo. Matengenezo yakawa shilingi 2,400,000, na stoo ikawa shilingi 7,200,000. Jumla yake ni ile ile 9,600,000. Hakuna senti iliyoongezwa wala kupotea.

Sasa ile 7,200,000 haikai katika mali milele. Inachakaa, na uchakavu wake huingia katika gharama kidogo kidogo. Vyuma vile vinaweza kuishi miaka kumi, lakini mkataba wenu wa pango umebakiza miaka minne, ukiuhesabu na huu. Jukwaa limekatwa kwa vipimo vya chumba kile, na sitarajii lipate bei ya maana likifunguliwa. Kwa sababu hiyo nimeligawa kwa miaka minne, shilingi 1,800,000 kila mwaka. Kwa hiyo mwaka huu umebeba matengenezo yote 2,400,000 na uchakavu 1,800,000. Zilizobaki, shilingi 5,400,000, zitabebwa na miaka mitatu ijayo, ambayo nayo itaitumia stoo.

Hapa ndipo ninapofika kwa dada yako.

Duka hili mlirithi kwa marehemu baba yenu, nyinyi wawili peke yenu: mafungu mawili yako na fungu moja lake, kama mirathi ilivyogawanywa. Kabla ya risiti ya fundi, faida ya mwaka ilikuwa shilingi 21,600,000. Tukiitoa risiti yote kama ulivyotaka, faida inashuka hadi 12,000,000, na theluthi ya dada inakuwa 4,000,000. Tukifuata hesabu niliyokueleza, faida ni 17,400,000, na theluthi yake ni 5,800,000. Tofauti ni shilingi 1,800,000.

Lau angeendelea kuwa mshirika kwa miaka yote minne, tofauti hiyo ingejirekebisha yenyewe. Angepata zaidi mwaka huu, kisha angebeba shilingi 600,000 za uchakavu katika kila mwaka wa mitatu inayofuata, na mwishoni mngekuwa sawa. Lakini uliniambia mwenyewe kwamba anajitoa tarehe 31 Desemba, na wewe unalinunua fungu lake. Tukiifuta risiti yote mwaka huu, atakuwa amelipia theluthi ya stoo kwa miaka minne, na ameitumia mwaka mmoja. Miaka mitatu iliyobaki utaitumia wewe, kwa fedha zake. Najua hukukusudia hivyo, Alhaji. Lakini daftari lingefanya hivyo kimyakimya, na mjane yule asingejua pa kuuliza.

Mtahadhari na upande wa pili pia. Ile 1,800,000 ni haki yake mara moja. Ikishaingia katika faida yake, asidai tena theluthi ya thamani ya stoo mnapokadiria fungu lake. Atakuwa amelipwa mara mbili. Nimeliandika hili chini ya hesabu zenu ili nyote wawili mlisome.

Kuhusu fedha taslimu, una haki ya kulalamika. Faida si droo. Fundi amelipwa 9,600,000 kwa vyovyote tutakavyoiandika, na huenda huna shilingi 5,800,000 za kumpa dada yako siku moja. Dawa yake ni kukubaliana naye alipwe kwa awamu, bila nyongeza, na deni liandikwe mbele ya mashahidi, kama tulivyofundishwa katika aya ya 282 ya Suratul Baqara. Kumwambia kwamba faida ni ndogo si dawa.

Ulihofu pia kuhusu zaka. Hofu hiyo iweke chini. Zaka ya biashara haitolewi katika faida ninayoiandika mimi. Hesabu yake ni bidhaa za kuuza kwa bei ya soko ya siku ile, fedha zilizopo na madeni unayotarajia kulipwa, ikitimia nisabu na kupita mwaka wa Hijria. Hapo unatoa asilimia 2.5. Stoo ya juu si bidhaa. Ni chombo cha kazi, kama mizani na kabati, na hakina zaka. Vitenge vilivyopangwa juu yake ndivyo vyenye zaka. Kuhamisha risiti hakukukuongezea hata shilingi moja hapo.

Mwisho, Mamlaka ya Mapato. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu kutoa gharama za kutengeneza mali ya biashara, lakini gharama ya kuiboresha mali haitolewi kwa mkupuo. Inaongezwa katika thamani ya mali na kuliwa kwa viwango vya uchakavu vya sheria yenyewe. Jukwaa lenu, kwa kuwa limefungwa kwa bolti na linaondoka, nimeliweka katika kundi la samani na vifaa, asilimia 12.5 ya thamani inayobaki kila mwaka. Mwaka wa kwanza ni shilingi 900,000. Ndiyo maana utaona faida ya kodi haifanani na ile mnayogawana. Sheria ina kipimo chake, na mkataba wenu wa pango una chake. Kama tungeitoa 7,200,000 yote, mkaguzi angeirudisha akiliona jukwaa, na kodi iliyopungua ingedaiwa pamoja na riba ya kuchelewa. Sidhani unataka riba ya namna yoyote katika nyumba yako.

Kwa siku zijazo nakuomba jambo moja. Fundi akija, akupe makadirio yenye mafungu yaliyotenganishwa: kilichoharibika, kilicho kipya, na siku za ujira kwa kila kimoja, kisha risiti ya mashine ya kodi ifuate mgawanyo huo huo. Mwaka huu nimekisia ujira kwa kufuata thamani ya vifaa. Mwakani sitaki kukisia katika mali ya watu wawili.

Ukiisoma barua hii, msomee na dada. Kisha njooni wote wawili, tusaini hesabu pamoja.

Wabillahi tawfiq.

Ndugu yako, mtunza hesabu.