Uganda yapima shilingi ya jana kwa thamani ya leo, Kenya yaiacha ilivyo

Wenye viwanja, maghala na majengo ya kibiashara katika nchi mbili jirani hulipa kodi kwa jina linalokaribiana: kodi ya faida inayopatikana mali inapouzwa. Hata hivyo, hesabu inayoizaa kodi hiyo nchini Uganda si ile inayofuatwa Kenya. Tofauti iko katika swali moja ambalo muuzaji wa kawaida hulipuuza mpaka siku ya kulipa: je, shilingi aliyonunulia mali miaka kumi iliyopita ni sawa na shilingi anayouzia leo?

Kodi ya aina hii hutozwa juu ya faida, nayo faida hupatikana kwa kutoa gharama ya ununuzi kutoka katika bei ya mauzo. Bei zinapotulia, hesabu hiyo haina utata. Lakini mfumuko wa bei ukidumu kwa miaka mingi, bei ya mauzo huandikwa kwa shilingi nyepesi ya leo, ilhali gharama imebaki katika shilingi nzito ya zamani. Sehemu ya kinachoitwa faida huwa basi ni kupungua kwa thamani ya fedha tu. Mwenye mali hakutajirika. Ni kipimo kilichofupika.

Kanuni ya Uganda

Kwa marekebisho ya sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2021, Uganda iliruhusu gharama ya ununuzi ipandishwe kulingana na mfumuko wa bei kabla faida haijakokotolewa. Sharti ni kwamba mali iwe imekaa mikononi mwa muuzaji kwa zaidi ya miezi kumi na miwili. Gharama huzidishwa kwa fahirisi ya bei za walaji ya mwezi wa mauzo, kisha hugawanywa kwa fahirisi ya mwezi unaotangulia siku gharama ile ilipofanyika.

Tuchukue mfano wa kampuni iliyonunua ghala kwa shilingi milioni 200 za Uganda. Miaka kadhaa baadaye ikaongeza chumba cha kuhifadhia mizigo kwa milioni 40, na sasa imeuza vyote kwa milioni 400. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme fahirisi ilikuwa 100 kabla ya ununuzi, 125 kabla ya ujenzi, na 150 mwezi wa mauzo.

Bila marekebisho, gharama yote ni milioni 240 na faida ni milioni 160. Kwa kiwango cha asilimia 30 kinachotozwa makampuni, kodi ni milioni 48.

Kwa kanuni ya sasa, milioni 200 huzidishwa kwa 150 na kugawanywa kwa 100, zikawa milioni 300. Milioni 40 za ujenzi huzidishwa kwa 150 na kugawanywa kwa 125, zikawa milioni 48. Gharama iliyorekebishwa ni milioni 348, faida ni milioni 52, na kodi ni milioni 15.6. Kwa kuwa faida ya kweli ilikuwa milioni 52, kodi ya milioni 48 ingeimeza karibu yote.

Mfano huo unaonyesha pia mahali wauzaji wengi wanapokosea. Ujenzi haukupandishwa kwa kipimo kilekile cha ununuzi, kwa sababu kila gharama hurekebishwa kuanzia tarehe yake yenyewe. Anayejumlisha milioni 240 na kuzipandisha zote kuanzia siku ya ununuzi atapata gharama ya milioni 360, yaani milioni 12 zaidi ya haki yake. Na asiye na risiti yenye tarehe hana pa kuanzia hesabu.

Kosa la pili ni la fahirisi yenyewe. Ofisi ya takwimu ya Uganda hubadilisha mwaka wa msingi kila baada ya muda: fahirisi ya sasa inahesabu mwaka 2016/17 kuwa 100, lakini zilikuwapo kabla yake fahirisi za msingi wa 2009/10 na 2005/06. Ukichukua namba ya juu ya msingi wa zamani na kuiweka chini ya namba ya msingi mpya, hesabu itaonyesha kana kwamba bei hazikupanda, au hata zilishuka. Hiyo ndiyo dalili ya kosa. Namba mbili hazilinganishwi kabla ya kuunganishwa katika mfululizo mmoja.

Kenya: kiwango kidogo kilichokua

Kenya ilisimamisha kodi hii mwaka 1985 na kuirejesha tarehe 1 Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5. Tangu irejeshwe, haikuweka marekebisho ya mfumuko wa bei. Kwa asilimia 5, kasoro hiyo haikuuma sana. Lakini tarehe 1 Januari 2023 kiwango kilipanda hadi asilimia 15, na hesabu ya gharama ikaachwa kama ilivyokuwa.

Tuseme mtu alinunua kiwanja kwa shilingi milioni 4 za Kenya, akakiuza kwa milioni 9 wakati bei za bidhaa kwa jumla zimekwisha kuongezeka maradufu. Milioni 4 za zamani ni sawa na milioni 8 za leo, hivyo faida yake ya kweli ni milioni 1. Sheria, hata hivyo, inaona faida ya milioni 5. Kwa kiwango cha zamani angelipa shilingi 250,000, yaani robo ya faida ya kweli. Kwa kiwango cha sasa analipa 750,000, robo tatu yake. Na kama angekiuza kwa milioni 7.5, angekuwa amepata hasara ya nusu milioni kwa thamani ya leo, na bado angedaiwa kodi ya 525,000.

Mipaka ya marekebisho

Si kwamba kanuni ya Uganda haina upinzani wa hoja. Kwanza, fahirisi inayotumika hupima bei za chakula, nauli na mahitaji mengine ya nyumbani, wala haipimi bei ya ardhi. Kiwanja kilichopanda bei kuliko unga na mafuta ya taa kitatozwa kodi kwa ile ziada, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Pili, aliyenunua kwa mkopo huweza kunufaika mara mbili: gharama yake inapandishwa, ilhali deni analolipa limepunguzwa uzito na mfumuko uleule.

India ilichagua njia nyingine. Tarehe 23 Julai 2024 serikali yake ilitangaza kuondoa marekebisho hayo na kushusha kiwango cha kodi kwa mali ya muda mrefu kutoka asilimia 20 hadi 12.5. Baada ya malalamiko, wakazi waliokuwa wamenunua ardhi na nyumba kabla ya siku hiyo waliruhusiwa kulipa kodi iliyo ndogo kati ya hesabu hizo mbili.

Hapo ndipo ulipo mzani. Nchi yaweza kurekebisha gharama na kutoza kiwango kikubwa, kama Uganda. Au kuacha gharama ilivyo na kutoza kiwango kidogo, kama Kenya ya mwaka 2015. Kenya ya leo imepandisha kiwango mara tatu bila kugusa gharama, na anayebeba uzito wake kuliko wote si mlanguzi anayenunua na kuuza ndani ya mwaka mmoja, bali ni yule aliyekaa na mali yake kwa miaka ishirini ikapanda bei sawa na vitu vingine tu.